Vitanda Viwili na Mlango

Tetekuwanga haina adabu. Ilinikuta kidato cha nne, masika yale ambayo Ifakara nzima ilikuwa inanuka tope, na ikanikuta wiki ambayo sikuwa na nafasi ya kuumwa hata mafua.

Shule yetu ilikuwa upande wa Kibaoni, na mabweni ya wasichana yalikuwa mwisho kabisa, yakipakana na mashamba ya mpunga. Nyuma ya mabweni kulikuwa na chumba cha wagonjwa: mlango mmoja, dirisha moja, vitanda viwili vya ghorofa. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Dirisha lilikuwa kwenye ukuta wa pili, mkabala na mlango, likiangalia baraza, na lilizibwa kwa nondo na wavu wa mbu uliojaa kutu na vumbi kiasi kwamba mtu aliyesimama nje ulimwona kama kivuli tu. Humo ndimo matroni alimotuweka wanne, akafunga, akaenda zake na ufunguo.

Sikupenda kufungiwa. Nasema wazi, maana watu wakisikia karantini wanadhani ni mapumziko. Mapumziko gani? Joto la Kilombero bila upepo, bati linaunguruma kwa mvua, mwili mzima unawasha na kila ukitaka kujikuna mwenzako anakupigia kelele, "Acha! Utabaki na mashimo usoni!" Nilikuwa nazunguka mle ndani hatua chache nagonga ukuta, nageuka, nagonga mlango. Nilimchukia matroni, nikachukia wali wa baridi uliopitishwa chini ya mlango, nikachukia hata ile losheni ya rangi ya waridi iliyotufanya tufanane na vikaragosi.

Wenzangu watatu ni hawa. Wa kwanza alikuwa binti wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa, mcheshi asiyefunga mdomo hata akiwa na homa. Wa pili alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Mrefu, mpole, miguu yake ikitokeza nje ya kitanda. Wa tatu alikuwa mtoto wa mjini, wa Mlabani, ambaye mama yake alikuja dirishani kila siku kulia kuliko mgonjwa mwenyewe. Mimi nilitoka kijiji cha Mbingu, kwa wakulima, na kwetu hakukuwa na wa kuja.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinanikaba. Majina ya mtihani wa taifa yalikuwa yanakaribia kupelekwa. Makamu wa mkuu wa shule, mwanamama wa historia ambaye wote tulimwita Madamu na wote tulimwogopa, alikuwa ametangaza mchujo wa hisabati. Atakayeshindwa, jina lake linafutwa kwenye fizikia, ili asije akaishusha shule. Na asiyekuwepo? "Asiyekuwepo ana sifuri," alisema kwenye paredi. "Hakuna mtihani wa pembeni. Mimi sifanyi biashara ya pembeni."

Mimi nilitaka fizikia. Nilikulia karibu na reli, na tangu mdogo nilikuwa namsumbua baba: kwa nini treni hupiga kelele nyembamba ikija na nzito ikienda? Baba hakujua. Nilipofika kidato cha tatu mwalimu akatueleza kwa nini, na tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine. Kufutwa fizikia kwangu kulikuwa sawa na kurudishwa Mbingu nikaambiwe tena kwamba treni hulia hivyo kwa sababu ni treni.

Tukaomba vitabu. Madamu akakataa. Kitabu cha shule kikiingia chumba cha wagonjwa hakitoki mpaka kichomwe, na vitabu vyenyewe vilikuwa kimoja kwa wanafunzi wengi. Karatasi zetu nazo zisitoke nje. Kwa hiyo tulikuwa mle na kalamu zetu, daftari za kukwaruzia, na mada mpya ambayo darasa zima lilikuwa linafundishwa bila sisi: matriksi.

Mwalimu wa hisabati alikuwa kijana mwenye huruma. Jioni moja, baada ya vipindi, akaja barazani akasimama nje ya dirisha. Tukamwamkia kwa sauti moja, "Shikamoo, Mwalimu!" Akaitikia, akaanza kwa Kiingereza cha darasani, mvua ikamshinda, akahamia Kiswahili cha kupayuka.

"Matriksi ni namba zilizopangwa! Mbili juu, mbili chini! Andikeni!"

Akaandika kwenye kibao, akakiinua. Tuliona kibao. Maandishi hatukuona hata moja, kwa ule wavu.

"Mwalimu, hatuoni!" nikapiga kelele. "Tutajie tu!"

"Tatu, tano! Chini yake moja, mbili!"

Nikageuka kuwaambia wenzangu, na nikaviona vitanda. Viwili juu, viwili chini. Jamani, vilikuwa pale siku zote! Nikasimama mlangoni nikaanza kuwapanga kama mwalimu wa gwaride. Wa miwa, juu kushoto, wewe ni Tatu. Msukuma, juu kulia, wewe Tano. Mimi chini kushoto, Moja. Wa Mlabani, chini kulia, Mbili. Tangu jioni ile hatukuitana tena majina yetu mle ndani.

Mwalimu alipoelewa tunachofanya akacheka mpaka akashika nondo. Akasema sawa, twendeni hivyo hivyo. Ditaminanti kwanza: mzidishe wa juu kushoto na wa chini kulia, halafu mtoe wa juu kulia mara wa chini kushoto. Tatu mara Mbili, sita. Tano mara Moja, tano. Sita toa tano, moja. "Ingekuwa sifuri," akasema, "basi matriksi hiyo haina kinyume, msihangaike. Hii si sifuri. Kwa hiyo ina kinyume. Invesi!"

Na invesi tukaifanya kwa miili. Wawili wa mshazari mmoja, kona kwa kona, wanabadilishana vitanda. Wawili waliobaki hawahami, ila wanageuza alama: aliyekuwa chanya anakuwa hasi. Tukakubaliana kwamba hasi ni kulala kichwa kikiwa upande wa miguu. Mwisho kila namba unaigawa kwa ditaminanti, na yetu ilikuwa moja, kwa hiyo hakuna cha kugawa.

"Juu kushoto abadilishane na chini kulia!" Mwalimu alipayuka, akanyoosha kidole kupitia nondo.

Tukafuata kidole. Kidole kilimwelekea Tano, kisha kikashuka kwangu. Basi Tano akashuka akachukua kitanda changu, mimi nikapanda kwake, na Tatu na Mbili wakageuka vichwa upande wa miguu. Tatu akalalamika kwamba upande wa miguu wa kitanda chake unanuka. Tukatulia, tumejipanga, tunasubiri sifa.

"Hakikisheni!" akasema Mwalimu. "Zidisheni matriksi ya mwanzo kwa hiyo mpya. Mstari wa kulala wa ile ya kwanza ukutane na mstari wa kusimama wa ile ya pili. Wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili, jumlisha. Lazima mpate moja na sifuri juu, sifuri na moja chini."

Mstari wa kulala ulikuwa vitanda viwili vya juu. Mstari wa kusimama ulikuwa kitanda kizima, juu na chini. Hilo hata Mbili, aliyekuwa na homa, alilishika. Nikapiga hesabu kwenye daftari. Mstari wa kwanza wa zamani, tatu na tano. Kitanda cha kushoto sasa, hasi tatu na tano. Tatu mara hasi tatu ni hasi tisa. Tano mara tano, ishirini na tano. Jumla, kumi na sita.

"Kumi na sita!" nikasema. "Mwalimu, tumepata kumi na sita!"

"Haiwezekani."

"Imewezekana!" Nilikuwa nimechachamaa. Mwili unawasha, niko kitanda cha mtu, na hesabu imegoma. "Kumi na sita, Mwalimu, njoo uhesabu mwenyewe kama unaweza kuingia!"

Ndipo Tano, yule mpole, ambaye hisabati ilikuwa inamliza tangu kidato cha kwanza, akasema taratibu kutoka kitandani kwangu, "Kushoto kwake si kushoto kwetu. Yeye anatuangalia kutoka nyuma."

Loo! Mwalimu alikuwa dirishani, sisi tulijipanga kutoka mlangoni. Kwake Tano ndiye aliyekuwa juu kushoto. Alitupa kanuni sahihi, tukaifuata sawasawa, na tukaharibu kila kitu kwa sababu ya mahali aliposimama. Mwalimu alipojua akajipiga kofi kwenye paji la uso, tukalisikia ndani.

Tukarudi vitandani, tukaanza upya. Tatu na Mbili wakabadilishana. Tano na mimi tukageuka vichwa upande wa miguu. Sasa juu ilikuwa mbili na hasi tano, chini hasi moja na tatu. Tatu mara mbili, sita, tano mara hasi moja, hasi tano, jumla moja. Tatu mara hasi tano, hasi kumi na tano, tano mara tatu, kumi na tano, jumla sifuri. Mstari wa chini nao ukatii, sifuri na moja. Tulipiga vigelegele mpaka matroni akaja kugonga mlango akiuliza kama kuna mtu amezidiwa.

Tangu hapo tulifanya matriksi asubuhi na jioni. Kila mara nilibadilisha namba, nikawapandisha, nikawashusha, nikawakaripia. Ukikosea, hesabu ilikataa kutoa moja na sifuri, na tulikuwa na neno letu la kumwambia aliyekosea: "Umesimama dirishani, wewe!" Ili wasisahau, niliwaambia wakichora vitanda kwenye karatasi wachore na mlango kwa chini yake. Sikujua kile kimlango kingetutokea puani.

Mchujo ulipokaribia, muuguzi wa shule akaja kukagua. Kanuni ilikuwa moja: vipele vyote vikauke, ndipo utoke. Akawatazama wenzangu mmoja mmoja, wote wamekauka. Akanitazama mimi. Mimi niliambukizwa mwisho, na asubuhi ile ile vilikuwa vimeota vingine vipya mgongoni.

"Wewe bado, mwanangu."

"Nitavaa sweta. Nitakaa nyuma kabisa. Nitakaa nje ya darasa!"

"Bado," akasema, na macho yake hayakunitazama tena.

Waliondoka. Tano alisimama mlangoni muda mrefu, akaambiwa na matroni atoke, akatoka. Kufuli likalia. Nikakaa kitandani kwangu chini kushoto nikalia kilio cha hasira. Si huruma ya mtu niliyoitaka. Nilitaka mlango. Nilikuwa nimewafundisha watu watatu njia ya kutoka, wametoka, na mimi nimebaki na magodoro.

Siku ya mchujo niliisikia kengele. Niliisikia kengele ya mwisho pia. Katikati yake nilifanya nini? Nilihesabu chochote nilichokumbuka, kwenye daftari ambalo hakuna mtu angelisoma, huku nikijua kwamba kwenye karatasi ya Madamu nimeshaandikiwa sifuri.

Kesho yake asubuhi nikasikia nyayo nyingi barazani. Nikaenda dirishani. Kupitia wavu nikaona vivuli: watatu wamesimama kwa mstari, na mbele yao wawili, mmoja mfupi na mnene, mmoja mwembamba. Yule mfupi alikuwa Madamu. Mwembamba, Mwalimu wa hisabati. Wale watatu walikuwa wenzangu.

"Shikamoo, Madamu. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akasema Madamu, lakini kwa sauti ya kufunga kesi. "Wewe ndiye uliyebaki humu. Nieleze. Karatasi tatu za mtihani, mchoro mmoja. Kijumba chenye ghorofa, namba nne ndani, mlango chini. Wote watatu! Na wote watatu wamepata swali la matriksi, hata huyu," akamwonyesha Tano, "ambaye hajawahi kupata kitu. Darasani hakuna aliyefundishwa mchoro huo. Mwalimu wenu anasema aliwapitia dirishani, mambo ya mlango hayajui. Hizi ni alama za wizi. Nataka kujua nani alianzisha."

"Ni vitanda, Madamu," nikasikia sauti ya Tatu, na kwa mara ya kwanza haikuwa na utani. "Tulimwambia, ni vitanda tu."

"Nyamaza wewe! Namuuliza huyu."

Kama wangehesabiwa wezi, wangefukuzwa wote, na mimi mwalimu wao wa wizi nisingekuwa na fizikia, nisingekuwa na shule. Na sikuweza hata kutoka nikasimama mbele yake kama mtu. Nilikuwa sauti tu nyuma ya wavu.

"Nilianzisha mimi," nikasema. "Si wizi. Nipe namba zako nne, Madamu. Wewe mwenyewe, Mwalimu asiseme kitu. Nitatafuta kinyume chake hapa hapa kwa vitanda, na wewe unaniona."

Alifikiri. Nadhani ilimpendeza kwamba hata Mwalimu ananyamazishwa. Akasogea mpaka paji lake la uso likagusa nondo.

"Juu kushoto, nne. Juu kulia, saba. Chini kushoto, mbili. Chini kulia, sita."

Nikageukia vitanda vitupu. Kisha nikamgeukia yeye.

"Madamu, samahani. Kushoto kwako au kwangu?"

"Kuna tofauti gani? Kitanda ni kitanda."

"Ipo tofauti, Madamu. Ukisimama hapo dirishani, nne mara sita ni ishirini na nne, saba mara mbili ni kumi na nne, unatoa, ditaminanti ni kumi. Mimi nikisimama mlangoni nikaviangalia vitanda hivyo hivyo, saba na nne zimehama upande, sita na mbili zimehama upande, na ditaminanti ni hasi kumi. Nikifuata kanuni kutoka upande usio wako, jibu litaharibika. Ndiyo maana wamechora mlango. Ni mahali pa kusimama."

Mwalimu alikohoa. Madamu akasema, "Kwangu."

Basi nikaja kusimama dirishani, mgongo ukiwa karibu kumgusa yeye, tukitazama upande mmoja. Sikuwa na watu wa kuwapandisha. Nilikimbia mwenyewe, nikapiga godoro moja moja kwa kiganja nikitaja namba yake. Nne na sita zibadilishane: sita juu kushoto, nne chini kulia. Saba iwe hasi saba, mbili iwe hasi mbili, mahali pao pale pale. Sasa gawa zote kwa kumi. Nukta sita, hasi nukta saba. Chini, hasi nukta mbili, nukta nne.

"Na utajuaje kama ni kweli?" akauliza Madamu.

"Nazidisha. Nne mara nukta sita ni mbili nukta nne. Saba mara hasi nukta mbili ni hasi moja nukta nne. Jumla moja. Nne mara hasi nukta saba ni hasi mbili nukta nane, saba mara nukta nne ni mbili nukta nane. Jumla sifuri." Nilikuwa nahema, losheni inanitiririka na jasho. "Mstari wa chini. Mbili mara nukta sita, moja nukta mbili, sita mara hasi nukta mbili, hasi moja nukta mbili, sifuri. Mbili mara hasi nukta saba, hasi moja nukta nne, sita mara nukta nne, mbili nukta nne, jumla moja. Imetoa moja na sifuri, Madamu. Haijasimama vibaya."

Akamgeukia Mwalimu. "Ni sawa?"

"Ni sawa yote," akasema Mwalimu. "Na lile la kushoto kwako na kwangu, mimi mwenyewe lilinishinda siku ya kwanza."

Madamu akawatazama wale watatu. "Nendeni darasani." Nikasikia miguu mirefu ya Tano ikikimbia kwenye maji ya barazani, na Tatu akicheka kwa woga uliomtoka. Nikasikiliza mpaka wamekwenda. Nikashika wavu. Wao wamepona. Mimi je? Sikuthubutu kuuliza. Niliujua wimbo wake wa pembeni na sifuri.

Mwalimu ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini kabisa, "Swali ulimpa wewe mwenyewe, Madamu. Mbele yako."

Madamu alisimama pale akiangalia vile vitanda, kichwa kikielekea huku, kikielekea kule, kama mtu anayejaribu kuviona kutoka mlangoni.

"Kitabu cha fizikia," akasema hatimaye. "Kikiingia humu hakirudi darasani. Utajiandalia nacho mtihani wa taifa mpaka vipele vikauke, na ukitoka unatoka nacho, kitakuwa chako, maana hakuna mwingine atakayekigusa. Unasikia?"

"Nasikia, Madamu."

"Matroni atakuja kukiweka. Unalala kitanda kipi?"

"Cha chini kushoto."

Alikuwa ameshaanza kuondoka. Akasimama.

"Kushoto kwako," akasema, "au kwangu?"